Mnaficha mshahara kwenye tangazo halafu mnaniuliza MIMI nataka ngapi??

Wadau nina hasira hapa naandika huku nimesimama. Nimetoka intavyuu sasa hivi kwa wale wale, mnawajua, wale wa "mshahara mnono kulingana na uzoefu", kila tangazo lao hivyo hivyo na tarakimu hamna hata moja. Maswali yote nimejibu freshi kabisa, mwishoni yule mama wa rasilimali watu (msijifanye hamumjui, nusu ya humu kashawahoji) ananiuliza kwa sauti laini, "unategemea tukulipe kiasi gani?" Nikamwambia nyie mmetenga ngapi? Akajibu "wewe taja tu, jisikie huru". Nikajisikia huru, nikataja.

AKAFUNIKA KALAMU. Hakusema ni kubwa wala ndogo, hakuandika kitu, kifuniko tu, KA! Mezani wote wakanitazama kama nimeomba kiti cha mkurugenzi. Huo mlio mpaka sasa hivi uko sikioni. Si bora angecheka? Si bora angenitukana? Anafunika kalamu jamani, kalamu yenyewe ya bure ina nembo ya kampuni. "Jisikie huru" halafu KA!

Mzee_wa_Fomu: 😂😂 ka! Pole mkuu. Mimi kashanifunikia pia, ila mimi alirudisha na karatasi kwenye faili.

Bi_Hesabu: Mleta mada, hapo ulipouliza wametenga ngapi ulikuwa sawa, ulichokosa ni kung'ang'ana kidogo. Nimekaa upande wa pili wa hiyo meza miaka. Mara nyingi bajeti ya nafasi inakuwa imeshapitishwa kabla tangazo halijatoka, kwa hiyo akikwambia "taja tu" namba anayo, anataka ajue kama utajiuza chini yake. Unamrudishia mara ya pili kwa upole: "ili tusipotezeane muda, nafasi hii inaanzia ngapi na kuishia ngapi?" Akigoma tena ndio unataja, na unataja kuanzia hapa mpaka pale, ila ile ya chini iwe ni hela ambayo ukipewa utasaini bila kununa, maana watakupa hiyo hiyo ya chini. Na useme ni kabla ya makato. Ulisema?

Mleta mada: Nisemee wapi wakati kalamu imeshafunikwa???

Kijana_Mtulivu: Hiyo ya makato ndio siri. Unachukua unachotaka kiingie mkononi, kama makato ni robo unaongeza robo. Unataka 100, taja 125. Rahisi.

Bi_Hesabu: Sio hivyo mdogo wangu. Robo inakatwa kwenye hiyo 125, sio kwenye 100 yako. Robo ya 125 ni 31 na kitu, unabaki na 94 hivi. Ili ushike 100 unagawanya kwa 0.75, inakuja 133. Na hiyo ni kama makato yote kwa jumla yanafika robo, kodi nyingi zinapanda kadiri mshahara unavyopanda, kwa hiyo chukua karatasi ya mshahara wako wa sasa uone yanakula kiasi gani kweli. Ukitaja 100 tupu wao wanaandika 100 kabla ya makato, mwisho wa mwezi unashika 75 unakuja kufungua uzi humu.

Kijana_Mtulivu: Sawa dada, ila kuulizwa mshahara wa zamani ni marufuku dunia nzima, hilo nina uhakika.

Bi_Hesabu: Dunia nzima ipi? Umoja wa Ulaya walipitisha agizo 2023 kwamba mwombaji aambiwe kiwango kabla ya intavyuu na asiulizwe alikuwa analipwa ngapi, nchi zao zikapewa mpaka Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria. Kwingine inategemea sheria za hapo ulipo, usije ukamtolea mtu macho bure.

Nyota_ya_Asubuhi: Nyie mna bahati mnaulizwa na mtu. Mimi fomu ya mtandaoni, kisanduku cha mshahara kina nyota nyekundu, ukiandika "tutajadiliana" kinakataa, kinataka namba tu. Nikaweka 0. Jibu la kukataliwa likaja kabla sijafunga ukurasa.

Mzee_wa_Fomu: 0 😂 bado ukaonekana ghali

Nyota_ya_Asubuhi: Sasa ningeweka nini?

Bi_Hesabu: Namba yako ya kweli, halafu kwenye barua unaeleza inajadilika kutegemea majukumu na posho.

Tingatinga: Barua nani anasoma. Mimi hao hao wa mleta mada walinipa "kazi ndogo ya majaribio", nikawatengenezea mpango mzima wa masoko, kimya. Sasa hivi wanautumia, nauona kila siku.

Mzee_wa_Fomu: Subiri, ule wenye rangi ya zambarau ni WAKO?

Tingatinga: Wangu mpaka nukta. Fungua uzi nikuoneshe.

Mleta mada: Jamani na kalamu je?

Nyota_ya_Asubuhi: Tingatinga weka picha