Mrejesho: ile imeili ya Kijapani ya mwenzangu Mwingereza

Niliuliza: "Mwenzangu Mwingereza kamwandikia klayenti wa Japani kwamba bosi wetu Tanaka atakuja kwao Jumanne, kaweka heshima kila mahali, mbona tumeambiwa kakosea?"

Jamani nimerudi, asanteni sana, tumelipata. Alikuwa ameandika "Tanaka-buchō ga irasshaimasu", buchō ni mkuu wa idara, na irassharu ni kitenzi cha kumpandisha anayekuja. Kwa Kiingereza ni sawa kabisa, bosi wako unaweza kumwita Mista popote pale, lakini Kijapani kinaangalia nani yuko ndani na nani yuko nje, na ukimwandikia klayenti basi bosi wako yuko upande wako, kwa hiyo ukimpandisha yeye ni kama mmejisifia wenyewe mbele ya mgeni.

Tukarekebisha ikawa "buchō no Tanaka ga ukagaimasu". Cheo kimehama kikakaa mbele kama maelezo tu, yaani "Tanaka, mkuu wa idara", maana kikija nyuma ya jina kinageuka heshima kama vile -san, na ukagau kinamshusha anayeenda ili anayetembelewa apande. Kitendo ni kilekile cha kwenda, kawaida ni iku.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba imeili ya ndani ya ofisi kuhusu safari ileile inarudi Tanaka-buchō na irassharu, mtu yuleyule! Sasa kabla hajachagua kitenzi anajiuliza kwanza anayesoma ni wa kwetu au wa nje. Imeili ya pili imepita bila kurudishwa.