Uso wa nyanya umetoka kwenye picha ya 1958, naomba ushauri

BintiKuze: Assalam aleikum ndugu zangu. Nina picha ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa hapa Mombasa mwaka 1958. Babu amekaa kitini, babangu wa miaka miwili yuko pajani kwake, na nyanya amesimama nyuma upande wa kulia. Kona ya juu kulia imeraruka ikaenda na uso wa nyanya. Kimebaki bega, sikio moja na kipuli. Picha yenyewe ni ndogo, sentimita 9 kwa 12. Nataka uso urudi, nimchapishie baba picha kubwa atundike ukumbini. Macho yake yanafifia kila mwezi, kwa hivyo nina haraka. Nifanyeje?

MamaSaumu: Mwanangu, usiibandue kwenye kioo! Yangu ya harusi ilikuwa kwenye fremu, na hili joto letu na unyevu wa bahari ikagandana na kioo. Nikaivuta pole pole kwa kisu. Uso wa marehemu mume wangu ukabaki kwenye kioo, mimi nikabaki na karatasi nyeupe. Siku ile nililia kama msiba umeingia upya.

BintiKuze: Pole sana mama. Yangu haiko kwenye fremu, ilikuwa sandukuni.

KijanaSkana: Rahisi hiyo dada. Skani kwa 2400 dpi, halafu chukua upande wa uso uliobaki, ugeuze, ubandike upande wa pili. Nimefanya nyingi.

FundiKibokoni: Kijana, kugeuza kunasaidia ukiwa na nusu uso, na hata hapo unabahatisha, maana uso wa mtu haulingani kulia na kushoto, na kivuli cha taa kinageuka nao. Hapa kuna sikio tu. Na hata uskani kwa 2400, kisichokuwepo kwenye karatasi hakiji. Kwa picha ya 9 kwa 12, 600 dpi inatoa kama pikseli 2100 kwa 2800, na ukiichapisha kwa 300 dpi unapata 18 kwa 24 iliyo safi. Hifadhi TIFF, usiiguse tena hiyo, fanyia kazi nakala. Tena skani mara mbili, ya pili picha ikiwa imezungushwa kichwa chini. Taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja, kwa hivyo kila mkunjo unatupa kivuli. Ukiirudisha ya pili wima, ukazilaza mbili pamoja, ya juu ukaipunguza ukolezo hadi nusu, vivuli vingi vinafutana.

BintiKuze, nijibu mawili. Una picha nyingine yoyote ya nyanya? Na ule ukingo ulioraruka ukoje, una nyuzi nyeupe?

BintiKuze: Nyingine sina. Ukingo hauna nyuzi, umenyooka tu. Nyuma pia karatasi ni laini kama plastiki, nilitaka kuandika majina kwa penseli ikawa inateleza. Lakini swali langu ni la uso. Kusema kweli kuna kijana Majengo nishampa nusu ya pesa. Atatia uso wangu mimi, kwa sababu wazee wote husema nimechukua sura ya nyanya.

FundiKibokoni: Dada, picha ikiraruka, ile ngozi ya juu yenye taswira hupasuka na karatasi ya chini huachia ukingo mweupe wenye manyoya. Ukingo ulionyooka ni wa makasi. Hiyo picha ilikatwa.

AmiHafidh: Na baba yako ataambiwa kuwa huo ni uso wako?

BintiKuze: Sikutaka kulisema hapa. Aliyesimama pale ndiye aliyemzaa babangu. Alifariki baba akiwa na miaka minne. Babu alikuwa na mke mwingine, na huyo ndiye aliyemlea baba, akamlea vizuri wallahi, sijasikia baba akimtaja kwa ubaya. Mama aliniambia huyo mlezi ndiye aliyekata. Wote ni marehemu, sitaki wasemwe. Baba hakumbuki uso wa mamake. Ami, sijaamua kumwambia wala kutomwambia. Akiona sura inayofanana na ya mamake moyo utatulia, kuna ubaya gani?

AmiHafidh: Ubaya ni kwamba atakuwa anamuombea mamake dua huku akikutazama wewe. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akikata picha kwa makasi na kuzibandika upya, na kazi zake zilipendwa. Lakini anayeitazama anaona wazi kuwa ni ufundi. Wewe unataka baba asijue.

MamaSaumu: Mke mwenza hata akiwa mwema, kuna siku kifua kinajaa. Mimi siwezi kumhukumu.

Mpekuzi: Jamani, mnatungiwa hadithi na nyinyi mnalia. Karatasi ya picha yenye plastiki 1958? Hiyo imeenea miaka ya 1970. Kwanza imeraruka, sasa makasi, sasa mke mwenza. Kesho tutaombwa mchango.

BintiKuze: Sijaomba mtu shilingi. Picha ninayo mkononi.

FundiKibokoni: Mpekuzi yuko sawa kuhusu karatasi, lakini si lazima dada awe mwongo. Huenda picha ni ya 1958 na karatasi ni ya baadaye. Dada, itafute mikunjo. Ukiona mkunjo, pitisha ncha ya kidole juu yake taratibu, uniambie kama unaugusa.

BintiKuze: Nimeiweka dirishani. Kuna mkunjo mweupe unakata kanzu ya babu kutoka kifuani hadi gotini. Nauona wazi, lakini kidole kinapita kama juu ya kioo. Na upande wa kushoto, ndani ya picha, kuna mstari wa menomeno kama ukingo wa stempu.

FundiKibokoni: Basi usimlipe kijana nusu iliyobaki. Huo mkunjo haumo kwenye karatasi yako, umo kwenye picha iliyopigwa picha. Na menomeno ni ukingo wa picha ya awali, zilikatwa hivyo sana enzi zile. Mtu aliichukua ile ya 1958 akaenda kuitolea nakala baadaye. Nyanya mlezi alikata nakala. Picha ya kwanza ilikuwa na uso wake. Vitu vya babu vilikwenda kwa nani?

Mpekuzi: Hapo nimenyamaza. Niwie radhi dada.

BintiKuze: Albamu za babu zilikwenda kwa shangazi, Malindi. Hatusemezani tangu ile kesi ya nyumba ya Mji wa Kale. Ndiyo maana nilitaka kumaliza mwenyewe.

KijanaSkana: Mie ningetumia tu uso wako. Shangazi akikataa je?

FundiKibokoni: Akikataa, jaza pazia na bega kwa zana za `Clone` na `Heal` kwenye programu ya kuhariri picha, penye uso paache kivuli kitupu. Bila picha ya kulinganishia, kinachotiwa pale ni mchoro.

BintiKuze: Nimempigia. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Ile aliyovaa kipuli cha nyota?" Sikuwa nimemtajia kipuli. Amesema niende Jumamosi, lakini niende na baba. Baba sijamwambia lolote.

FundiKibokoni: Ikiwa imegandishwa kwenye albamu usiibandue. Albamu ikifunguka sawasawa, iskani ukurasa mzima. Isipofunguka, iweke karibu na dirisha lisilo na jua kali, simu iwe sambamba na ukurasa, usiwashe flashi, upige nyingi. Uso ule utaungana na nakala yako vizuri, maana mwanga na pembe ni zile zile.

AmiHafidh: Mwambie baba kabla ya Jumamosi, binti yangu. Asiyajue haya mbele ya dadake.

BintiKuze: Analala sasa. Nitamwambia baada ya alfajiri.