TV ya Bibi: gumzo la kikundi, Ukoo wa Chumbageni

Salma, 8:12 asubuhi: Assalaam alaykum wote. Shikamooni wakubwa. Leo nashinda Kariakoo na TV ya Bibi inunuliwe leo leo, maana Juma anaondoka kesho na gari. Waliochanga ni wanne tu. Wengine mnasoma halafu mnanyamaza, nawaona.

Juma, 8:15: Mimi nimechanga gari 😂

Salma, 8:16: Juma tulia. Nimepata hii. *[picha ya boksi]* Inchi 32, muuzaji anasema ni Full HD. Idrisa uko wapi?

Zuberi, 8:31: Dada usinunue Full HD, zimepitwa. Chukua 4K. Ina pikseli mara nne, kwa hiyo picha inakuwa safi mara nne. Bibi atawahesabu wachezaji nywele.

Juma, 8:32: Bibi anaangalia mpira tangu lini

Shangazi Amina, 8:40: Marahaba wanangu. Kwani hizi TV mpya si mbovu? Ya kwangu inakula picha. Nikiweka mkanda wa harusi ya 1996, pembeni kulia na kushoto panakuwa peusi. Nimemwambia fundi, kaja kabonyeza rimoti, weusi umeondoka lakini sasa watu wote wamekuwa wapana.

Juma, 8:41: Bi harusi kanenepa baada ya miaka yote hiyo 😂😂

Shangazi Amina, 8:43: Na ile chogo ya mama ilikuwa haina matatizo haya. Aliyeichukua kwenda kuitengeneza anajijua.

Salma, 8:44: Shangazi tafadhali, si leo. IDRISA.

Idrisa, 9:20: Nilikuwa juu ya ngazi nafunga dishi. Shikamoo Shangazi. Salma, umeshalipa?

Salma, 9:20: Bado. Anataka bei ya Full HD, hapunguzi.

Idrisa, 9:23: Usilipe. Vuta picha ya boksi uliyotuma. Maandishi makubwa yanasema "Supports Full HD 1080p". Maana yake inapokea mawimbi ya Full HD, basi. Kioo chenyewe ni kitu kingine. Geuza boksi, tafuta mstari wenye neno Resolution, nitumie namba.

Salma, 9:31: *[picha]* 1366 x 768

Idrisa, 9:36: Ndiyo hiyo. Vitone 1366 kwa upana, mistari 768 kwenda chini. Ukizidisha ni kama milioni moja. Full HD ya kweli ni 1920 x 1080, zaidi ya milioni mbili. TV hii ikiletewa picha ya milioni mbili inaibana iingie kwenye milioni moja yake. Si TV mbovu, ila ilipiwe bei ya HD, si ya Full HD. Na kama boksi halina namba hizo, chukua namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, uitafute mtandaoni.

Salma, 9:38: Nimemwonyesha. Ameanza kusema "dada ni zile zile".

Zuberi, 9:40: Si nilisema 4K

Idrisa, 9:47: Zuberi, mara nne ni kweli. 3840 kwa upana na 2160 kwenda chini, maradufu kila upande, inafika milioni nane na kitu. Lakini vitone hivyo vinatakiwa viletwe na mtu. King'amuzi cha Bibi hakileti 4K, na chaneli nyingi anazopata ziko chini hata ya Full HD. TV itanyoosha picha ndogo ijaze kioo kikubwa kwa kukisia vilivyokosekana. Ukitaka 4K yenyewe uitoe kwenye intaneti, na Netflix wanashauri kasi ya megabiti 15 kwa sekunde. Bibi anatumia bando la nani?

Zuberi, 9:49: Sawa, lakini 4K itakuja tu mbele ya safari. Na inchi kubwa ndiyo ubora.

Idrisa, 9:55: Inchi ni ukubwa wa kioo, kona hadi kona. Hazisemi kina vitone vingapi. Nipeni vipimo viwili: kutoka kochi la Bibi hadi kabati ni mita ngapi, na lile dirisha la kabati la vioo lina upana gani?

Mwanaisha, 10:20: Niko hapa nyumbani kwa Bibi. Nimepima. Kochi hadi kabati mita 3. Dirisha la kabati sentimita 80.

Salma, 10:21: Mwanaisha asante. Wewe peke yako una akili humu.

Idrisa, 10:33: Basi hesabu inatuamulia mengi. Chukueni inchi 43 ya Full HD: kitone kimoja kina upana wa nusu milimita. Mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya kama mita 1.7, hawezi kukitofautisha kitone na jirani yake. Bibi yuko mita 3. Vitone vya 4K hapo vitakuwepo, ila hataviona. Shida ni upana. Siku hizi karibu TV zote zina umbo la 16 kwa 9, hivyo inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Haiingii. Inchi 32 ni kama sentimita 71, inaingia.

Juma, 10:34: Tukate kabati

Idrisa, 10:38: Shangazi Amina, ya kwako si mbovu. Harusi ilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, lile la chogo, na kioo chako ni kipana zaidi ya hapo. Ule weusi ni nafasi iliyobaki. Fundi aliuvuta mkanda ujaze, ndiyo watu wakapanuka. Ingia kwenye menyu ya picha, penye Aspect Ratio, uchague 4:3. Usiweke Zoom, inakata vichwa.

Shangazi Amina, 10:52: Weusi umerudi. Lakini watu ni wale wale wa siku ile. Allah akubariki. Chogo ingekuwepo hata hivyo nisingehangaika.

Baba Mdogo Hamisi, 11:15: Amina, maneno yako nimeyaona. Chogo ile nililipa mimi kuitengeneza mara tatu na hakuna aliyeuliza.

Shangazi Amina, 11:16: Iko wapi?

Salma, 11:17: Jamani duka lina watu, naomba jibu: 32 au 43?

Mwanaisha, 11:24: Bibi anasema maandishi yale yanayopita chini ya taarifa ya habari hayasomi, tangu kabla ya operesheni ya mtoto wa jicho.

Idrisa, 11:30: Hilo linabadilisha. Macho ya Bibi yanataka herufi kubwa, na herufi zinakuzwa na inchi, si na 4K. Mimi ningesema 43 Full HD ukutani juu ya kabati. Halafu Mwanaisha angalia, king'amuzi kimeungwa na waya gani?

Mwanaisha, 11:33: Ule wa njano, nyekundu na nyeupe.

Idrisa, 11:36: Njano haipitishi HD hata TV iwe ya shilingi ngapi. Salma, nunua waya wa HDMI, kisha kwenye mipangilio ya king'amuzi wekeni 1080.

Baba Mkubwa, 12:05: Nimesoma yote. Mama anaangalia taarifa ya habari na mawaidha. Anunuliwe anachoweza kusoma. Kabati la marehemu baba halikatwi wala halisogezwi. Na habari ya chogo nisiione tena humu.

Juma, 12:06: Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

Salma, 12:20: Shikamoo Baba Mkubwa. Basi 43 Full HD, boksi limeandikwa 1920 x 1080, nimeliona mwenyewe. Pungufu la mchango nalijazia mimi, Zuberi na wengine mtanirudishia LEO. Nani atatoboa ukuta?

Zuberi, 1:48 mchana: Ukuta ule si wa udongo?

Mwanaisha, 1:50: Upande wa kabati, ndiyo.

Idrisa, 2:30: Ngoja nimpigie fundi wa huko. Juma usiondoke kabla hujaniona.