Tupeane uzoefu: utabiri wa mvua za msimu redioni, mkulima anausikiaje na anaufanyia nini?

Mwandishi_wa_Vipindi
Wadau, naandika mazungumzo ya redio ya dakika kumi kwa wakulima. Mada ni namna ya kusoma utabiri wa msimu na kuutumia shambani. Karatasi niliyopewa inasema hivi kwa kanda moja: juu ya wastani asilimia 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Msikilizaji hana ramani mbele yake, ana masikio tu, na pengine anapalilia huku redio imetundikwa mtini. Mliowahi kutangaza, kusikiliza au kulima kwa kufuata vipindi hivi, leteni yaliyowakuta. Nataka kujua pale hasa watu wanapoelewa vibaya.

Mama_Mtama
Wanapoelewa vibaya ni hapo hapo kwenye 45. Jirani yangu alisikia akaniambia mwaka huu mvua imeongezwa karibu nusu. Nilimwuliza imeongezwa na nani, hakuwa na jibu.

Kipimamvua
Umegusa penyewe, Mama. Ile 45 haisemi kiasi cha mvua hata kidogo, inasema uwezekano. Naeleza kidogo kwa sababu hesabu yake ni rahisi kuliko inavyotangazwa. Wataalamu huchukua rekodi za miaka 30, siku hizi wengi hutumia 1991 hadi 2020, wakaipanga kuanzia msimu mkavu zaidi hadi wenye mvua nyingi zaidi. Misimu kumi ya chini ndiyo "chini ya wastani", kumi ya katikati ni "wastani", kumi ya juu ni "juu ya wastani". Mtu asipojua lolote kuhusu msimu ujao, kila fungu lina nafasi sawa, kama 33 kwa 33 kwa 33. Utabiri unakuja kusogeza hizo nafasi tu. Kwa hiyo 45-35-20 maana yake mizani imeelemea upande wa mvua nyingi, lakini ukavu haujafukuzwa. Msimu mmoja kati ya mitano yenye dalili kama hizi huangukia chini ya wastani.

Redioni tulikuwa tunatumia mbegu. Weka mbegu 20 kwenye kibuyu: 9 za mahindi, 7 za maharage, 4 za mtama. Mahindi ni msimu wa mvua nyingi, maharage ni wa kawaida, mtama ni mkavu. Funga macho, chomoa moja. Msikilizaji anaweza kufanya hivyo nyumbani na watoto wake, na akichomoa mtama anaelewa mwenyewe kwamba hakuna aliyemdanganya.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Naongeza kwa ufupi: wastani maana yake ni mvua inayotosha mazao. Wakisikia "wastani" wapande kawaida bila wasiwasi.

Kipimamvua
Hapana, mzee wangu, kwa heshima zote hapo sikubaliani. Wastani ni kile kilichozoeleka mahali hapo. Haujui kitu kuhusu zao lako. Tuseme kituo kimoja cha kupimia mvua, mipaka yake ya wastani ni milimita 290 na 380. Msimu wa milimita 330 hapo ni wastani kabisa, lakini mahindi ya muda wa kati yanataka kama 500 zilizotawanyika vizuri. Mkulima wa hapo akisikia "wastani" akapanda mahindi hayo, atavuna mabua. Ndiyo maana kwenye kipindi lazima itajwe mipaka ya eneo kwa milimita, siyo neno peke yake.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Katika maeneo niliyofanyia kazi mimi wastani ulikuwa unatosha, hilo nalisimamia. Kwa sehemu kavu, sawa, nimekusikia.

Kijana_wa_Simu
Mimi natumia utabiri wa kwenye simu, unaniambia hadi saa ya mvua ya kesho. Huu wa miezi mitatu wa nini tena?

Mama_Mtama
Huo wa kesho unakusaidia kuanika au kupulizia dawa, mwanangu. Mbegu unainunua kabla mvua haijaanza. Simu itakuambia nini kuhusu mwezi wa tatu wa msimu?

Shamba_la_Bondeni
Nimesoma hapa nikashindwa kupita. Yaliyotupata yanatoka kwenye kipindi kama hicho hicho.

Kituo kimoja cha redio, sitakitaja, kilitangaza: "Wakulima furahini, mvua zitakuwa juu ya wastani." Basi. Hakuna asilimia, hakuna tarehe ya kuanza, hakuna neno juu ya mtawanyiko. Baba alikuwa na kipimamvua na daftari, kwa hiyo namba hizi ni za kwetu. Mvua za kwanza zilikuja siku mbili mfululizo, jumla milimita 34. Kijiji kizima kiliingia shambani. Baba aliuza mbuzi akanunua mbegu ya muda mrefu, ile inayochelewa lakini inazaa sana, maana tuliambiwa mvua ni nyingi. Tulipanda bonde lote na mbolea ya kupandia tukaweka.

Baada ya hapo mbingu zikafunga. Siku 19 hakukudondoka hata tone. Mahindi yaliota kidole, yakajikunja asubuhi, halafu yakawa yanajikunja tangu jua linachomoza. Ukifukua mbegu ambazo hazikuota unazikuta zimevimba na kuoza nusu, zilipata maji ya kuamkia zikakosa ya kuendelea. Mama alikuwa anapita kwenye mistari akihesabu mashimo yaliyo hai, na kila jioni alirudi na idadi ndogo zaidi. Tulirudishia mbegu ya kuazima. Ikaota, ikafika magotini, ndipo ikaja mvua ya milimita 90 kwa siku moja. Bonde liligeuka ziwa, mbolea ya kukuzia tuliyoweka juzi yake ikaenda na maji.

Mwisho wa msimu baba alijumlisha daftari: milimita 410. Mpaka wa juu wa kwetu ni 380. Yaani utabiri ulikuwa sahihi, na sisi hatukuvuna debe la kujaza. Baba alifunga lile daftari na hakuandika tena. Mwandishi, ukiandika "juu ya wastani" bila kusema jambo la pili, kumbuka mama yangu kwenye ile mistari.

Mama_Mtama
Pole sana, ndugu yangu. Pole.

Msikilizaji_wa_Zamani
Siku 19! Hiyo inaua kabisa.

Mwandishi_wa_Vipindi
Pole, na asante kwa kuandika. Jambo hilo la pili ungetaka lisemwe vipi?

Shamba_la_Bondeni
Kwamba jumla ya msimu haisemi mvua itakuja lini na itakatika lini. Wangesema hivyo tu, baba asingepanda bonde lote kwa mvua ya kwanza.

Kipimamvua
Hilo ndilo kiini. Utabiri wa msimu unajumlisha miezi mitatu hivi kwa eneo kubwa. Hauoni kipindi cha ukavu cha wiki mbili ndani yake. Huo unashikwa na utabiri wa siku kumi na ule wa wiki, kwa hiyo kipindi kimoja hakitoshi, lazima msikilizaji arudishwe redioni kila siku kumi. Kuhusu kuanza kwa mvua, kanuni inayotumika sana ni kama milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukavu mrefu kufuata. Tatizo ni kwamba sehemu ya pili unaijua ikishapita. Ile 34 ya kina Bondeni ilitimiza sehemu ya kwanza, na bado ilikuwa mwanzo wa uongo.

Mpanda_Kavu
Ndiyo maana mimi napanda kwenye vumbi kabla ya mvua. Anayesubiri anapoteza siku za kwanza zenye rutuba.

Shamba_la_Bondeni
Kwenye vumbi zingeoza zote!

Mpanda_Kavu
Ukizifukia kina kirefu, mvua ndogo haizifikii, hazioti hadi mvua ya maana. Umepanda juu juu, ndiyo sababu.

Shamba_la_Bondeni
Milimita 34 ni mvua ndogo? Ingezifikia popote ulipozifukia. Usimfundishe baba yangu kulima.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Vijana, taratibu. Kupanda kavu kunafaa sehemu ya shamba, tena mtama kuliko mahindi. Kwa anayesubiri, achimbe baada ya mvua. Udongo ukiwa na unyevu hadi kina cha kiganja na nusu, na ukiufinya unashikana bila kuchuruzika, apande. Unyevu ukiishia juu juu, asubiri nyingine.

Mfugaji_Nyanda
Sisi wafugaji mnatusahau. Kwangu ile 20 ya ukavu ndiyo naisikiliza kwanza. Ikipanda hadi 45 au 50 nauza madume mapema, kabla hayajakonda na soko kujaa.

Msikilizaji_wa_Zamani
Huko mnahesabu mbegu kwenye kibuyu, lakini mimi nakumbuka 2015. Walisema El Niño, watu wakahama mabondeni, mafuriko ya 1997 hayakurudi. Waongo tu.

Kipimamvua
El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki kupita kawaida. Ya 2015 ilikuwepo, na ilikuwa kati ya kali zilizowahi kupimwa. Ila mvua za Afrika Mashariki haziifuati yenyewe tu, Bahari ya Hindi nayo ina neno lake. Mwaka 2019 El Niño haikuwa na nguvu, lakini upande wa magharibi wa bahari hiyo ulikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikafurika. Kwa hiyo mtangazaji akisema "El Niño" pekee, muulize bahari ya huku inasemaje.

Msikilizaji_wa_Zamani
Hilo la bahari hawakutuambia.

Mwandishi_wa_Vipindi
Nimeandika upya sehemu ya katikati. Someni kwa sauti, mniambie panapokwaza:

"Ndugu msikilizaji, weka mbegu ishirini kwenye kibuyu. Tisa ni msimu wa mvua nyingi, saba ni wa kawaida, nne ni mkavu. Hivyo ndivyo msimu huu unavyoonekana katika kanda yetu. Mvua nyingi kwetu ni zaidi ya milimita 380, na kavu ni chini ya 290. Hesabu hiyo ni ya msimu mzima. Mvua inaweza kuanza, ikakatika wiki mbili tatu, halafu ikaja yote kwa pamoja. Kama una ekari tatu, usizipe mbegu moja wala siku moja. Bondeni, chimba mifereji sasa hivi udongo ukiwa mkavu. Ekari moja panda mbegu ya muda wa kati, mvua ikishalowesha udongo hadi chini. Ya pili weka ya muda mfupi, na ya tatu mtama, kwa ajili ya zile mbegu nne. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili, na usiweke kabla hujasikia utabiri wa siku kumi. Tutausoma hapa hapa."

Mama_Mtama
Nimeelewa bila kurudia. Ila "kanda yetu" itaje kwa jina na mipaka yake, maana redio inafika mbali na wa mbali atadhani 380 ni ya kwake.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Ondoa asilimia kabisa, mbegu zinatosha.

Kipimamvua
Zibaki zote mbili. Afisa ugani akija kijijini na karatasi yenye 45, mkulima ajue ndizo zile mbegu tisa.

Mpanda_Kavu
Na kupanda kavu hujakutaja.

Shamba_la_Bondeni
Akikutaja aseme ni sehemu ya shamba tu. Mwandishi, ile ya mbolea kusubiri utabiri wa siku kumi, isome mara mbili.