Utabiri wa HAR kwa variansi ya wiki ijayo unabaki chini, tatizo liko wapi?

Kipanga: Wakuu, naomba ushauri. Nina bei za hisa moja za kila dakika 5. Najumlisha miraba ya mabadiliko ya logi ya bei kupata RV ya siku, kisha naingiza kwenye HAR RV ya siku ya mwisho, wastani wa siku 5 na wa siku 22, zote kwa logi. Natabiri logi ya jumla ya RV ya siku 5 zijazo. Kwenye logi makosa yana wastani wa sifuri, lakini nikirudisha kwa `exp`, variansi halisi inakuwa kwa wastani mara 1.2 ya utabiri. Variansi ya masalia ni 0.36.

Dogo_Data: Hamia dakika 1 mkuu. Data zikiwa nyingi, kipimo kinakuwa bora.

Mzee_Takwimu: Dogo, ingekuwa hivyo kama bei zingekuwa safi. Bei ya mwisho hurukaruka kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji hata thamani ikiwa imetulia, na kila mruko unapigwa mraba na kujumlishwa. Kwa hisa isiyouzwa sana, RV ya dakika 1 itavimba. Chora wastani wa RV kwa dakika 1, 5, 10 na 15, uone mstari unatulia wapi.

Shida ya Kipanga ni nyingine. Chukua wiki mbili: moja kosa la logi ni +0.6, nyingine −0.6. Wastani ni sifuri. Zitoe kwenye logi: halisi ni mara 1.82 ya utabiri, kisha mara 0.55. Wastani wake ni karibu 1.19! Kwako `exp(0.36/2)` ni karibu 1.20, yaani pengo lako lote. Sahihisha hivi:

```
f = exp(yhat) * mean(exp(e))
```

`e` ni masalia ya kipindi cha kufunzia tu. Na kwa kuwa unatabiri siku 5, ukisimama leo, safu ya mwisho ya kufunzia ni ya siku 5 nyuma. Ukiipita hiyo, unachungulia majibu.

Bi_Hesabu: Mimi nahitaji variansi ya saa 24. Mruko wa bei kati ya kufunga na kufungua haumo kwenye RV ya mchana, kwa hiyo huongeza mraba wake kila siku. Kipanga, wewe unalinganisha na ipi?

Kipanga: Ya mchana tu, pande zote mbili. Nimezidisha, uwiano umeshuka hadi karibu 1. Asante sana Mzee. Ila siku moja ikichafuka, utabiri wa wiki inayofuata unapaa mno.

Mzee_Takwimu: RV ya siku kama hiyo yenyewe imepimwa kwa kosa kubwa. Jaribu HARQ ya Bollerslev, Patton na Quaedvlieg (2016), inayopunguza uzito wa RV ya siku pale kipimo kinapoyumba.

Bi_Hesabu: Kwangu HARQ wakati mwingine ilitoa utabiri hasi, ikabidi niuwekee sakafu. Na hicho kizidishi kimoja, Mzee, kinafaa wiki tulivu na za misukosuko sawasawa?

Mzee_Takwimu: Sina hakika. Kipanga, gawa masalia yako kwa kiwango cha RV ya mwezi, ukokotoe kizidishi cha kila kundi, utuwekee hapa.