Ajira mbili mwaka mmoja: nitarudishiwa au nitadaiwa?

Mwalimu wa Jioni: Wadau, nina P9 mbili za 2025, kadi za kodi kutoka kwa waajiri wangu wawili, na Juni 30, siku ya mwisho ya kupeleka ritani KRA, ndiyo hiyo. Nasikia wenye ajira mbili hurudishiwa kodi. Tena, kuanzia sasa nimwombe mwajiri wa pili anikate zaidi, au niweke akiba mwenyewe?

Mama Risiti: Ulihama kazi au unazifanya zote kwa pamoja? Mshahara je? Nani anakupa ile nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi?

Mwalimu wa Jioni: Kwa pamoja, mwaka mzima. Shule 40,000, chuo cha jioni 20,000, baada ya makato yasiyotozwa kodi. Shule hukata 4,383 kwa mwezi. Chuo hakikati kitu.

Nimehama Tena: Utarudishiwa! Mimi nililipwa 60,000 Januari hadi Aprili, nikakaa bure miezi minne, nikapata kwingine kwa mshahara uleule Septemba hadi Desemba. Nilikatwa 83,067, kodi ya mwaka ikawa 52,600. KRA walinidai? Mimi ndiye niliwadai 30,467.

Mama Risiti: Wewe ulikuwa na miezi mitupu, ndiyo maana. Mwalimu hana. Yeye ana 720,000 kwa mwaka: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800, 100,000 zinazofuata kwa 25 ni 25,000, na 332,000 zilizobaki kwa 30 ni 99,600. Jumla 153,400. Toa nafuu ya mwaka 28,800, inabaki 124,600. Shule imeshalipa 52,600. Pole, Mwalimu, unadaiwa 72,000.

Mwalimu wa Jioni: 72,000?! Chuo wameniambia mshahara wao haufikii kodi.

Mama Risiti: Peke yake, kweli. Kodi yake ni 2,000 na nafuu inaimeza. Lakini ukiuweka juu ya ule wa shule, kila shilingi yake inaangukia kwenye asilimia 30.

Otis wa Thika: Basi chuo waondoe nafuu, kwisha.

Mama Risiti: Haiishi. Watakata 2,000 kwa mwezi, na pengo ni 6,000. Heri aweke 6,000 mwenyewe.

Otis wa Thika: Mwalimu gani huweka akiba hadi Juni? Akatwe, asiione.

Bi Subira: Ukikatwa, kagua iTax mapema. Mwajiri wangu wa zamani alikosea herufi moja ya PIN yangu. Pesilipu zilionyesha kodi imekatwa, lakini kwenye ritani haikuwepo. Nilienda ofisi yao mara nne, nikaambiwa mhasibu yuko likizo. Juni ikapita, mfumo ukahesabu faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, kwa pesa niliyokwisha kukatwa!

Nimehama Tena: Chuo usikitaje kwenye ritani basi, hawajakata kitu.

Mama Risiti: Chuo wanapeleka mshahara wake kwenye taarifa ya KRA kila mwezi kwa PIN ileile, hata kodi ikiwa sifuri. Usimpoteze mwenzio.

Otis wa Thika: Kwa hiyo jioni zote hizo ni 14,000 kwa mwezi? Na matatu ya usiku je?

Mwalimu wa Jioni: 160 kwenda na kurudi. Hebu nipige hesabu tena.