Tupeane uzoefu: Neno la heshima likageuka tusi

Mtoka Mbali: Wakuu, habari za jioni. Mliowahi kuishi na lugha yenye ngazi za heshima, leteni visa vyenu. Naanza mimi. Nilifanya kazi kiwanda cha vipuri karibu na Nagoya, Japani. Kila jioni msimamizi wangu, mzee wa miaka 60 hivi, alikuwa akinipita na kuniambia "gokurosama", yaani pole na kazi. Nikalipenda neno hilo. Siku moja akatangulia yeye kutoka, nikainama vizuri kabisa, nikamwambia "gokurosama desu". Akasimama, akanitazama, akafunga zipu ya koti polepole, akaenda zake bila kujibu. Mwenzangu akanivuta pembeni: neno hilo hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mkubwa huambiwa "otsukaresama desu". Nilikuwa nimemuaga bosi wangu kama kijana wangu wa kazi! Asubuhi nilimwomba radhi, akasema yameisha. Bado inaniuma.

Bintimakorora: Pole kaka. Mimi nilimwamkia shikamoo mama mmoja sokoni Tanga, akaniuliza, "Kwani nimekuzaa mimi?" Kumbe umri wetu mmoja. Hakunipunguzia hata shilingi.

Mwalimu wa Lugha: Nafundisha Kijapani, na neno linalonisumbua zaidi ni "kisama". "Ki" ni utukufu, "sama" ni neno la heshima la kufuata jina, zito kuliko "san" ya kila siku. Zamani samurai waliliandika kwenye barua kwa watu waliowastahi. Likaenea midomoni mwa watu wote, wakaanza kuitana hivyo watu wa hadhi moja, kisha wakaitwa walio chini, hadi kufikia karne ya 19 limekuwa neno la dharau. Leo ukimwita mtu hivyo unatafuta ugomvi. Wanafunzi wangu huliokota kwenye katuni wakidhani ni "wewe" tu.

Chumvi2: Nasikia Wajapani hawana matusi kabisa, ndiyo maana wanatukanana kwa adabu.

Mwalimu wa Lugha: Matusi wanayo, ndugu, "baka" utalisikia hata kwa watoto. Ila hilo la adabu umeligusa. Wana msemo "ingin burei": adabu iliyozidi mpaka ikawa ufidhuli.

Baba Hana: Hapo umenikumbusha nyumbani kwangu. Mke wangu ni mtu wa Osaka. Tukiwa wawili tunaongea kwa vitenzi vifupi, kama watu wa ndani. Juzi nilisahau kumchukua mtoto shule. Nikajieleza weee, akanijibu neno moja: "Wakarimashita." Nimeelewa. Siku zote husema "wakatta", na maana ni hiyohiyo. Lakini kwa ile "-mashita" alinitoa sebuleni akanisimamisha mlangoni kama mgeni. Tangu hapo sijui nimjibu kwa ngazi ipi. Nikibaki na lugha yetu ya kawaida, naonekana sijali kosa. Nikipanda naye, ni kama nimekubali kwamba sisi ni wageni. Mliooa huko, ninyi hufanyaje?

Mtoka Mbali: Mtoto ulimchukua saa ngapi?

Baba Hana: Saa moja usiku.